Rasimu tatu za ujumbe kwa rafiki mliyepotezana: ipi utume?

Tuchukue hali moja inayowapata wengi. Marafiki wawili waliosoma pamoja, dawati moja kwa miaka minne. Mmoja akahama. Yule aliyebaki akampigia simu mara ya mwisho, akajibiwa "nitakupigia baadaye kidogo", na simu hiyo haikupigwa. Sasa miaka tisa imepita. Hawakugombana, hakuna deni, hakuna aliyemsema mwenzake. Ni kimya tu. Yule aliyeahidi kupiga ndiye anayetaka kuandika, na anaandika kwa simu, si kwa barua.

Hapa chini kuna rasimu tatu za ujumbe huohuo. Ya kwanza ndiyo inayomtoka mtu mwenye haya. Ya pili ndiyo inayomtoka akiambiwa kwamba ya kwanza ni baridi. Ya tatu ni ile ya kwanza iliyofumuliwa na kushonwa upya.

Rasimu ya kwanza: rasmi

> Ndugu mpendwa,
> Natumaini ujumbe huu utakukuta ukiwa buheri wa afya. Mimi pia ni mzima. Dhumuni la ujumbe huu ni kukujulia hali, kwa kuwa muda mrefu umepita bila kuwepo kwa mawasiliano baina yetu. Ningependa kuomba radhi kwa usumbufu wowote uliosababishwa na ukimya huo, ambao ulitokana na majukumu mbalimbali ya kikazi na kifamilia. Urafiki wetu ulikuwa na mchango mkubwa katika maisha yangu. Ningefurahi iwapo tutaweza kurejesha mawasiliano kama ilivyokuwa hapo awali. Tafadhali nijulishe ni lini utakuwa na nafasi ili tuzungumze.
> Wako katika urafiki.

Rasimu ya pili: iliyozidi sukari

> Kipenzi changu, rafiki wa moyo wangu! Haipiti siku bila kukukumbuka. Ninaandika haya machozi yakinilengalenga. Mimi ni mtu mbaya, sistahili hata unijibu. Nisamehe, nisamehe, nisamehe kutoka uvunguni mwa moyo. Hakuna rafiki kama wewe duniani na sijapata mwingine tangu tuachane. Naomba tusipotezane tena mpaka kaburini. Nijibu tafadhali, nitakesha nikisubiri.

Rasimu ya tatu: ya kawaida, yenye joto

> Profesa! Za miaka? Ni mimi, wa dawati la nyuma, yule uliyekuwa ukimwamsha kwa kiwiko kila kipindi cha hesabu. Namba yako nimepewa na dada yako.
>
> Jana mwanangu alikuwa akikariri jedwali la saba, akakwama palepale nilipokuwa nakwama mimi, saba mara nane. Nikacheka peke yangu, nikasema leo lazima nimtafute Profesa.
>
> Nilisema nitakupigia, sikupiga. Siku zilivyozidi kwenda ndivyo nilivyozidi kuona haya. Nisamehe kwa hilo.
>
> Mimi nipo, mzima, nina watoto wawili na mvi zimeshaanza. Wewe je, bado unafundisha au chaki umewaachia wengine? Jibu ukipata wasaa, sina haraka.

Kwa hali tuliyoieleza, utume ya tatu. Lakini hakuna maana ya kuinakili, kwa sababu dawati na jedwali la saba si vyako. Kinachofaa kujua ni mahali ambapo ile ya kwanza inapoteza joto, na kwa nini ya pili, pamoja na mapenzi yake yote, haimrudishi mtu.

Mstari wa kwanza

Simu ikiwa imefungwa, kioo huonyesha maneno machache tu ya mwanzo wa ujumbe. Kwa rasimu ya kwanza, rafiki ataona: "Ndugu mpendwa, Natumaini ujumbe huu utakukuta…" na namba asiyoijua. Hilo laweza kuwa tangazo la benki, mwaliko wa kikao, au mtu anayetafuta wa kumlaghai. Kwa rasimu ya pili ataona "Kipenzi changu, rafiki wa moyo wangu!" kutoka kwa namba asiyoijua, na mwenzi wake akiwa karibu, hapo pana maelezo ya kutoa. Kwa ya tatu ataona "Profesa! Za miaka? Ni mimi, wa dawati…". Jina hilo la utani watu wachache duniani wanalijua. Kabla hajafungua ujumbe, ameshaanza kutabasamu au angalau kukisia.

Kwa hiyo mstari wa kwanza una kazi mbili: kumwita kwa jina mlilokuwa mkiitana, na kusema wewe ni nani. Jina lako peke yake mara nyingi halitoshi baada ya miaka mingi, hasa kama ni jina la watu wengi. Ongeza kitu kinachokuweka mahali: dawati, chumba cha bweni, timu, mtaa mliokulia. Na useme namba yake umeipata wapi. Watu wengi huacha sehemu hii, na ndiyo inayoondoa shaka haraka kuliko zote. Namba ya simu iliyoachwa hupewa mtu mwingine, kwa hiyo hata wewe huna hakika unamwandikia nani. Ukitaja dada yake bila kutaja jina la dada, rafiki wa kweli ataelewa na mgeni hatapata cha kutumia.

Usianze kwa fumbo. "Habari, umenikumbuka?" au "Unajua nani huyu?" inachekesha ana kwa ana, ambapo sauti na uso vinasaidia. Katika maandishi, hiyo ndiyo kauli ya kwanza ya matapeli, na mwenye busara huifuta.

Jambo dogo la pembeni: jina la utani ni la faraghani. Kama rafiki sasa ni mkuu wa shule au kiongozi wa dini, mwite Profesa kwenye ujumbe wake binafsi, si kwenye kundi lenye wanafunzi wake.

Salamu

Mswahili haanzi maneno bila salamu, na rasimu ya tatu haijaiacha. Imeifupisha iwe "Za miaka?", ambayo ndani yake tayari inakiri kwamba kimya kimekuwa kirefu. Ana kwa ana tunaweza kusalimiana dakika nzima, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, kwa sababu kila swali linajibiwa palepale kabla la pili halijaja. Ukiyapanga yote kwenye ujumbe, yanakuwa maswali matano yanayosubiri majibu kwa mpigo, na mtu aliyechoka na kazi ataliweka zoezi hilo mpaka kesho, kisha mpaka wiki ijayo.

"Natumaini ujumbe huu utakukuta ukiwa buheri wa afya" ni sentensi nzuri ya barua, nasi wengi tulifundishwa kuiandika darasani pamoja na "mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako". Ilikuwa na mantiki yake: barua ilichukua siku nyingi njiani na hali ya mtu iliweza kubadilika kabla haijafika. Ujumbe wa simu unafika papo hapo, hivyo maneno yaleyale yanasikika kama yametolewa kwenye kitabu cha mfano. Kama nyinyi wawili mliandikiana barua za namna hiyo zamani, basi yarudishe kwa makusudi, kwa mzaha. Yatachekesha, na yatachangamsha kuliko salamu ya kawaida.

Nani alinyamaza?

Hapa ndipo rasimu ya kwanza inapogandia, na hapa panastahili kusomwa polepole. Tazama sentensi hii: "muda mrefu umepita bila kuwepo kwa mawasiliano baina yetu". Tafuta mtu ndani yake. Hayupo. Muda umepita wenyewe, mawasiliano hayakuwepo yenyewe. Inayofuata ni hivyo hivyo: usumbufu "uliosababishwa na ukimya", ukimya ambao "ulitokana na majukumu". Kila kitendo kimegeuzwa kuwa jina, na kila jina limebebeshwa lawama na jina lingine. Ofisi huandika hivi inapotangaza kwamba maji yatakatika, na ina sababu ya kutotaja aliyefunga bomba.

Linganisha na "Nilisema nitakupigia, sikupiga." Ni maneno matatu, na yote yana mtu ndani yake. Kiswahili kimetupa kiambishi kimoja, ni-, kinachotosha kusema ni nani. Ukitaka kuupima ujumbe wako, pitia kila sentensi inayozungumzia kimya na uulize: je, kitenzi kina kiambishi cha mtu, kama ni-, si- au u- ya "wewe"? Kama hakina, au sentensi imejaa "kuwepo kwa", "kutokana na", "baina ya", iandike upya kwa kitenzi cha kawaida.

- "Bila kuwepo kwa mawasiliano" iwe "sikukutafuta".
- "Ulitokana na majukumu ya kikazi" iwe "kazi zilinibana", au iache kabisa.
- "Kurejesha mawasiliano" iwe "tuwe tunapigiana".
- "Ningependa kuomba radhi" iwe "nisamehe".

Hilo la mwisho lina lake. "Ningependa kuomba" inaeleza tamaa ya kuomba, bado hujaomba. Katika kikao ni adabu, lakini kwa rafiki ni mtu aliyesimama mlangoni na kukataa kuingia. "Samahani" nayo ni nyepesi, ya kumkanyaga mtu mguu. "Radhi" ni nzito na ya heshima, inafaa kwa mkubwa au kwa kosa kubwa. Kati ya marafiki wa rika moja, kwa kosa la kunyamaza, "nisamehe" ndiyo saizi yake.

Kuna neno jingine linalopendwa sana hapa: "tumepotezana". Ni neno la upole kwa sababu linagawa lawama nusu kwa nusu. Litumie kama kweli wote wawili mlinyamaza. Katika hali yetu halifai, kwa sababu mwenzako alipiga simu na wewe ndiye hukurudisha. Ukimwambia "tumepotezana" unamvika nusu ya kosa lako, naye atalihisi hata asipolisema. "Umeadimika sana!" ni mbaya zaidi. Anayestahili kulitamka ni yeye, na akilitamka, pokea.

Je, uombe msamaha kiasi gani? Sentensi moja ya kosa lenyewe, moja ya sababu ya kweli, na moja ya kuomba. Sababu ya kweli mara chache ni majukumu. Kila mtu ana majukumu, na aliyeachwa anajua kwamba katika miaka tisa dakika tano hazikosekani. Sababu ya kweli kwa kawaida ni haya: mtu alichelewa wiki moja, akaona aibu kupiga, aibu ikalea ucheleweshaji. Ukisema hivyo, mwenzako anakuamini, kwa sababu inawezekana yeye naye amewahi kumfanyia mtu mwingine.

Rasimu ya pili inaomba msamaha mara tatu na kujiita mtu mbaya. Tatizo lake ni kazi inayompa msomaji. Kabla ya kujibu lolote lazima kwanza akufariji, akuhakikishie kwamba wewe si mbaya, na kwamba unastahili kujibiwa. Aliyekosewa amegeuzwa mbembelezaji. Na "haipiti siku bila kukukumbuka" inajikata yenyewe: kama ulimkumbuka kila siku kwa miaka tisa, mbona hukupiga hata moja?

Wakati uliopita unaozika

"Urafiki wetu ulikuwa na mchango mkubwa katika maisha yangu." Isome kwa sauti. Ndivyo wasifu wa marehemu unavyosomwa. Kiambishi -li- kwenye "ulikuwa" kimeufunga urafiki, halafu sentensi inayofuata inaomba ufunguliwe. Si lazima uandike "ni" badala yake, kwani kudai kwamba urafiki uko vilevile nako ni kumtangulia mwenzako. Rasimu ya tatu inakwepa kwa kutousifu urafiki hata kidogo. Inaonyesha kitu kimoja kilichotokea jana na kilichomleta rafiki akilini, na kitu hicho kinafanya kazi ya sifa zote.

Kumbukumbu unayochagua iwe ndogo, iwe yenu wawili, na iwe ambayo yeye anaweza kuimalizia. "Tulikuwa na siku nzuri sana shuleni" haina mahali pa kushika. "Saba mara nane" inayo: msomaji atasema moyoni hamsini na sita, ataona kile kiwiko, na huenda akajibu kwa namba tu. Jibu la namba tu ni jibu zuri kabisa.

Chuja kabla ya kutuma. Kumbukumbu ya mtihani alioufeli, mchumba aliyemwacha, au aibu iliyomchekesha kila mtu isipokuwa yeye, iache, hata kama kwako ni tamu. Miaka mingi ikipita hujui ni kidonda kipi kilipona. Salama zaidi ni ile inayokuchekesha wewe mwenyewe: wewe uliyesinzia, wewe uliyekwama.

Swali la kufungia

Rasimu ya kwanza inamaliza kwa "nijulishe ni lini utakuwa na nafasi ili tuzungumze". Ili ajibu, lazima aangalie ratiba, aamue kama anataka mazungumzo marefu na mtu ambaye hajui amekuwaje, na apange siku. Hiyo ni hatua ya tatu au ya nne. Ujumbe wa kwanza unahitaji swali linalojibika kwa mstari mmoja akiwa amesimama foleni: bado unafundisha? Ule mguu ulipona? Bado unaishi kulekule?

Liwe swali moja. Lihusu yeye, si urafiki wenu. Na liepuke mambo ambayo huenda yalivunjika: usiulize "mke wako hajambo?" kama hujui kama bado wako pamoja, wala "mama mzima?" kama hujapata habari za karibuni. Kazi na makazi kwa kawaida ni uwanja salama zaidi, ingawa kazi nayo hupotea, ndiyo maana rasimu ya tatu imemwachia mlango: "au chaki umewaachia wengine?"

Usiombe kitu. Mtu akiibuka baada ya miaka tisa, msomaji wake anasoma huku akitafuta ombi la fedha au la kutafutiwa kazi. Kama kweli una shida, iseme mapema na waziwazi, na ukubali kwamba huo ni ujumbe wa aina nyingine. Kumwandikia kwa joto leo na kumkopa Ijumaa kutaharibu vyote viwili.

Pale ambapo rasimu ya tatu haifai

Rasimu ya tatu ni ya kimya kisicho na jeraha. Mambo mawili yanaibadilisha.

Kama katika miaka hiyo alifiwa na wewe hukutoa pole, pole ndiyo inayotangulia, na mzaha wote unatoka. Andika: "Nimesikia kuhusu mama, nimechelewa kusikia na nimechelewa zaidi kukuandikia. Pole sana. Nakumbuka alivyokuwa akinikaribisha kama mwanawe." Pole haipitwi na wakati, hata kama imepita miaka mitatu. Ila usichanganye pole na maelezo marefu ya kwa nini hukuwepo. Na usimalizie kwa swali la kazi. Malizia kwa pole.

Kama mligombana, urasmi kidogo unarudi na unastahili. Jina la utani linaweza kuonekana kama unajifanya hakuna kilichotokea, kwa hiyo tumia jina lake la kawaida. Taja kosa lako kwa jina, lile moja ulilo na uhakika nalo, bila "kama nilikukosea", kwa sababu hiyo "kama" inamwambia bado hujakubali. "Nilikusema vibaya mbele ya watu, na halikuwa sawa. Sikuandikii ili unijibu." Ujumbe huu ni mfupi kuliko zile rasimu tatu zote. Hata hivyo, vitenzi vyake vina mwenyewe. Heshima haihitaji "kutokana na".

Rasimu ya pili je? Karibu haina mahali. Labda sehemu yake moja, ile ya kutamani msipotezane tena, inaweza kuja kwenye ujumbe wa kumi, mkishacheka pamoja.

Kutuma na kungoja

Maandishi ni bora kuliko ujumbe wa sauti kwa mara ya kwanza. Sauti ina joto zaidi, lakini mtu hawezi kujua ndani yake kuna nini bila kuisikiliza, na dakika tatu kutoka namba ngeni wengi hawazifungui. Simu ya ghafla inamnyima nafasi ya kuamua. Andika, kisha sauti ije akishajibu.

Kabla ya kutuma, usome ujumbe mara ya mwisho kwa sauti, ukimwona yeye mbele yako. Neno ambalo usingelitamka ukiwa umekaa naye kibarazani, libadilishe. "Iwapo", "hapo awali" na "mbalimbali" huwa ya kwanza kuanguka.

Akisoma na asijibu, usimfuate na "?" wala "naona umesoma". Huenda naye anaandika na kufuta kama ulivyofanya wewe. Mwache wiki tatu au nne. Ukipenda kujaribu tena, tuma kitu kisichodai jibu na kisichotaja ujumbe wa kwanza, kwa mfano picha ya zamani mlipokuwa wawili, na mstari mmoja: "Profesa, nimeikuta hii kwenye sanduku. Angalia hizo soksi." Baada ya hapo usiongeze wa tatu. Namba yako anayo.